Tangazo la kupandisha ada ya taka: kisa cha shilingi mia moja

Jioni ya tarehe 27 Septemba 2023, mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kuzoa taka huku Mombasa, upande wa bara Kaskazini, aliwatumia wateja wake ujumbe huu kwenye WhatsApp:

"TANGAZO MUHIMU!! Wateja wetu wapendwa, kama mnavyofahamu hali ya uchumi imekuwa ngumu kwa kila mtu. Tumejitahidi sana kuvumilia kwa muda mrefu ilhali wenzetu wote wameshapandisha. Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu tumelazimika kufanya marekebisho madogo ya ada. Ada sasa itakuwa 500 kuanzia hivi karibuni. Tunaomba mtuelewe, hata sisi ni binadamu na tuna familia. Wasioridhika wako huru kusimamisha huduma. Asanteni kwa ushirikiano."

Kabla ya isha simu ya karani ilikuwa imejaa. Nilikuja kuyasoma majibu yale baadaye, moja baada ya jingine, na jambo lililonishangaza ni kwamba waliolalamikia shilingi mia yenyewe, kutoka 400 hadi 500, walikuwa wachache. Wengi waliuliza "lini?" Wengine waliuliza "sababu zipi?" Na mama mmoja hakuuliza chochote. Aliorodhesha tu tarehe za Juni na Julai ambazo gari halikufika, kisha akamalizia: "Na hizo je?"

Mzee alinipigia siku ya tatu. Mimi huwaandikia wafanyabiashara wadogo barua na matangazo, na yeye alitaka "nimlainishie maneno". Nilimwambia maneno yenyewe ni laini kupita kiasi. Tangazo zima lilikuwa linajibu mashtaka ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyafungua. Ukisema wenzako wote wameshapandisha, umeshaanza kujitetea kabla hujaulizwa. Ukisema wewe nawe ni binadamu, maana yake kuna mtu amekushuku kuwa si binadamu, na msomaji ambaye hakuwa na shaka hiyo sasa anayo. Halafu ile "wako huru kusimamisha huduma", ambayo mzee aliiona kuwa ni uungwana, kwa msomaji ilisikika kama mlango unaofunguliwa kwa teke.

Lakini kuyaondoa maneno hayo ni kazi ya dakika tano. Kazi iliyotuchukua siku mbili ilikuwa sababu, na baada ya sababu, tarehe.

Nilimuuliza: shilingi mia imetoka wapi? Akajibu bila kusita: dizeli. Na ni kweli, mwaka ule dizeli ilikuwa imemkamua kila mwenye gari. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Bei elekezi ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa Nairobi, ambayo ya Mombasa huwa pungufu kidogo tu, ilikuwa shilingi 167.28 kwa lita ya dizeli mwezi wa Juni. Kufikia katikati ya Septemba ilikuwa 200.99. Kila mteja aliisikia habari hiyo redioni. Ilikuwa sababu nyepesi kuliko zote, na isingemletea mzee lawama hata chembe.

Tukafungua daftari lake. Lori lilikuwa linakunywa kama lita 430 kwa mwezi, kuzunguka mitaani na kwenda kumwaga Mwakirunge. Lita 430 mara nyongeza ya shilingi 33.71 ni kama 14,500. Gawanya kwa nyumba 640 alizokuwa nazo: inakuja karibu shilingi 23 kwa nyumba. Yeye alikuwa anaomba 100.

Hapo ndipo tangazo lingeanguka hata kama lingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Bei ya dizeli ilikuwa imepanda kwa asilimia 20, ada ilikuwa inapanda kwa asilimia 25, na dizeli ni sehemu tu ya gharama. Mwenye bodaboda yeyote katika mtaa ule angeliona pengo hilo bila kalamu. Sababu isiyoweza kubeba tarakimu yake humlazimisha mwandishi aiongezee vikorombwezo: hali ya uchumi, mambo yaliyo nje ya uwezo, familia. Kujitetea katika tangazo lile hakukuwa tatizo la lugha. Kulitokana na hesabu isiyofunga.

"Mzee," nikamwambia, "hizi sabini na saba nyingine ni za nini?"

Alinyamaza kidogo. Akasema mishahara: wazoaji wanne aliwaongeza 3,000 kila mmoja tangu Agosti, kwa kuwa wawili walikuwa wanataka kumkimbia. Hiyo ni 12,000. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema kuna na lile lori la pili.

Lori la pili? Kumbe tangu Agosti alikuwa amekodi lori la mtu kwa siku kadhaa kila mwezi, shilingi 35,000, kwa sababu lake mwenyewe liliharibika gia mwezi wa Juni na hakuwa na imani nalo tena. Kwa nyumba 640, hiyo peke yake ni karibu shilingi 55. Nyongeza tatu kwa jumla zilifika 61,500, yaani shilingi 96 kwa nyumba. Zile nne zilizobaki ni za kuifanya bei iwe nambari inayolipika bila chenji.

"Sasa kwa nini hukuandika lori la pili?"

"Mwanangu, niwaandikie kwamba gari langu liliniangusha? Si watasema mimi si mtu wa kazi?"

"Mzee, wao ndio waliokaa na hizo taka. Wanajua."

Nadhani kisa chote kimo hapo. Sababu aliyoificha kwa haya ndiyo pekee iliyokuwa na kitu ndani yake kwa mteja. Dizeli ikipanda, mteja hapati chochote. Lori la pili maana yake Ijumaa taka zinaondoka hata kama gia imekufa. Lakini huwezi kutaja lori la pili bila kueleza kwa nini linahitajika, na kueleza kwa nini ni kukiri zile siku za Juni na Julai. Mzee alikuwa tayari kuomba huruma kwa sentensi tatu ili asikiri kwa sentensi moja. Nimeuona mtindo huu mara nyingi sasa: tangazo la kupandisha bei likianza kulialia, tafuta kosa ambalo mwandishi hataki kulitaja. Mara nyingi sababu ya kweli iko papo hapo karibu nalo.

Kuna na hatari nyingine ya kuitundika ada kwenye dizeli peke yake. Sababu inayopanda hushuka pia. Kufikia Oktoba 2024 bei elekezi ya dizeli Nairobi ilikuwa imerudi 168.06, karibu pale pale ilipokuwa kabla ya haya yote. Kama tangazo lingesema "kwa sababu ya dizeli", wateja 640 wangekuwa na haki ya kuuliza mbona 500 haijarudi 400. Dizeli tuliitaja, lakini mwisho na kwa neno moja.

Sasa tarehe, ambayo mzee aliiona kuwa jambo dogo. "Hivi karibuni" si tarehe, hilo halina ubishi. Balaa ni kwamba karani alilifasiri neno hilo kwa akili yake. Tarehe 1 Oktoba alianza kudai 500. Waliotuma 400 asubuhi hiyo kupitia M-Pesa, kama walivyozoea, jioni wakapata ujumbe kwamba wana deni la shilingi mia. Deni la siku moja, kwa bei ambayo hawakuambiwa imeanza! Ndani ya nyumba, hilo lilikera kuliko bei yenyewe.

Nikadhani dawa ni kuandika "kuanzia tarehe 1 Novemba 2023" na kusonga mbele. Karani, binti makini kuliko sisi sote, ndiye aliyenizuia. "Kaka, Novemba ya kulipa au Novemba ya kuzoa?"

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha orodha. Wateja wa mzee walikuwa wa aina tatu. Wapo wanaolipa mwanzoni mwa mwezi kwa ajili ya mwezi huo. Wapo, na ndio wengi, wanaolipa baada ya mwezi kwisha, mshahara ukishaingia. Hawa wakituma pesa tarehe 5 Novemba wanalipia Oktoba. Na wapo wachache waliolipa miezi mingi mbele. Mmoja yuko Maskati, analipia nyumba ya mamake, na Januari alikuwa ametuma 4,800 za mwaka mzima. Kwa hiyo "kuanzia 1 Novemba" ingesomwa na watu hawa kwa njia tatu, na wote wangekuwa sahihi. Wa aina ya pili angeona anatozwa 500 kwa taka za Oktoba zilizozolewa kwa bei ya 400. Yule wa Maskati asingejua kama ana deni la shilingi mia mbili au hana.

Tarehe ya kuanza, basi, ikafungwa kwenye huduma badala ya malipo: bei mpya ni ya taka zitakazozolewa kuanzia Novemba, ulipe utakapolipa. Aliyelipa mbele haguswi mpaka miezi yake iishe. Mzee alipinga hili la mwisho, akaona anapoteza. Tulihesabu: wateja kama hao walikuwa tisa, na wote walikuwa wamelipa hadi Desemba. Miezi miwili kwa watu tisa ni shilingi 1,800. Akacheka, akakubali.

Kwa nini Novemba na si katikati ya Oktoba? Tangazo jipya lingetoka tarehe 6 Oktoba. Nilitaka kila mteja apate angalau mzunguko mmoja mzima wa malipo kwa bei ya zamani baada ya kusoma. Zaidi ya hapo, baadhi ya nyumba hulipiwa na mawakala ambao ada ya taka wameishaichanganya ndani ya kodi ya nyumba, na wakala hawezi kumpandishia mpangaji kwa habari ya jana. Pengine miezi miwili ingekuwa bora kwao. Mzee hakuweza kungoja, naye alikuwa na haki: lori la kukodi lilikuwa linamla 35,000 kila mwezi kwa bei ya zamani.

Kabla ya kuandika tulifanya hesabu moja zaidi, ambayo ilimfanya mzee aache kusema "asiyetaka aende". Mapato ya zamani yalikuwa 640 mara 400, yaani 256,000. Ukijumlisha gharama mpya za 61,500 unahitaji 317,500 ili ubaki pale ulipokuwa kabla. Kwa ada ya 500, hizo ni nyumba 635. Lori linapita barabara ile ile iwe nyumba fulani ipo au haipo, kwa hiyo gharama haipungui mteja akiondoka. Alikuwa na nafasi ya kupoteza nyumba tano tu.

Hili ndilo tangazo tulilotuma, nami ninaliweka lote:

"Kuanzia huduma ya Novemba 2023 tunapandisha ada ya kuzoa taka kutoka shilingi 400 hadi shilingi 500 kwa mwezi. Huduma ya Oktoba ni 400, hata ukiilipia mwezi wa Novemba.

Juni na Julai lori letu liliharibika, na siku sita za kuzoa zilipita bila gari kuja. Tangu Agosti tumekodi lori la pili ili jambo hilo lisijirudie. Gharama ya lori hilo ni zaidi ya nusu ya nyongeza hii. Iliyobaki ni mishahara ya wazoaji na dizeli.

Kama umeshalipa miezi ya mbele kwa 400, huongezi kitu hadi miezi hiyo iishe. Kama ulitozwa 500 kwa Oktoba, ile 100 tumeihesabu kwenye Novemba yako.

Siku zako za kuzoa hazibadiliki. Gari lisipofika siku yako, tupigie kabla ya saa kumi jioni, nalo litakuja siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Ukitaka kusimamisha huduma, tuarifu kabla ya tarehe 31 Oktoba, na Novemba hutatozwa."

Angalia kitenzi cha kwanza: "tunapandisha". Rasimu yangu ya kwanza ilisema "ada itapanda", na sentensi ilikuwa safi tu. Lakini Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyokwenda vyenyewe bila mtendaji: bei imepanda, ada imebadilika, huduma imesimama, kana kwamba ni mawimbi na maji kujaa. Mteja anajua kuna mtu amekaa mahali akaamua. Ukiandika "tunapandisha" unamaliza jambo, na cha ajabu ni kwamba huhitaji tena "tumelazimika", kwa sababu hakuna mtu unayemkimbia. "Marekebisho" nalo niliapa lisirudi. Sijawahi kuona bei ikirekebishwa kuelekea chini.

Bei zote mbili zimekaa katika sentensi moja, ya zamani kwanza. Tangazo la awali lilitaja 500 peke yake, likaiita nyongeza hiyo ndogo. Mtu ambaye shilingi mia kwake ni unga wa siku hataki kuambiwa ni ndogo. Mpe nambari mbili apime mwenyewe.

Msamaha haumo, na watu wawili walioisoma rasimu waliuulizia. Kwa siku sita za Juni na Julai mzee alikuwa ameshaomba radhi wakati ule, kwa mdomo. Kuuweka tena pembeni ya nyongeza ya bei kungeifanya nyongeza ionekane ndiyo kosa linaloombewa radhi. Hapa mwandishi mwingine angeamua tofauti, na nisingegombana naye. Kuhusu kusimamisha huduma, maana ni ile ile ya "wako huru", ila sasa ina tarehe na ina faida kwa anayeondoka. Si changamoto tena, ni maelekezo.

Sehemu ya wateja, wazee hasa, hawana WhatsApp. Kwao ilibidi tangazo liingie ndani ya ujumbe mfupi mmoja, herufi 160 pamoja na nafasi, kwa kuwa kampuni ya kutuma hutoza kwa kila kipande. Tulifika 158:

"Ada ya taka: sasa 400, itakuwa 500 kwa huduma ya Novemba. Oktoba ni 400 hata ukilipa Novemba. Tumeongeza lori la pili ili siku zisirukwe. Swali? Piga ofisini."

Hapa nilirudi kwenye "itakuwa" kwa kubanwa na nafasi, na bado inaniuma. Tahadhari moja kwa anayetuma ujumbe wa Kiswahili kwa wingi: chunga kile kialama cha "ng'". Simu nyingi hukigeuza kikawa kilichopinda, na herufi moja ya namna hiyo hubadilisha usimbaji wa ujumbe mzima, kipande kikashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na neno "kung'oa", na kompyuta ya karani ikaonyesha vipande vitatu badala ya kimoja. Gharama mara tatu kwa sababu ya nukta yenye mkia!

Simu zilizokuja baada ya tarehe 6 zilikuwa chache, karibu zote za watu wanaotaka kuhakikisha shilingi mia yao ya Oktoba ipo. Yule mama wa orodha naye alipiga. Alisema siku si sita, ni nane. Tulikuwa tumehesabu kutoka kwenye daftari la dereva, ambamo siku mbili zimeandikwa "imefika" ilhali gari lilipita saa tatu usiku, taka zimeshatawanywa na mbwa. Kwa dereva gari lilifika, kwa mama halikufika. Kosa lilikuwa langu: niliandika tarakimu ya upande mmoja bila kuuliza upande wa pili. Kama ningeandika tena ningesema "siku kadhaa", au ningehesabu kwa kipimo cha aliyekuwa anangoja.

Hadi mwisho wa Oktoba nyumba saba zilisimamisha, tatu kati yake zikiwa zinahama mtaa hata hivyo. Zikabaki 633, ambazo ni 316,500 kwa mwezi, pungufu ya shilingi elfu moja tu kwa kile tulichokihitaji. Mzee aliimeza hiyo.

Ijumaa moja ya Desemba malori yote mawili yalikwama. Karani anasema ilikuwa bado haijatimu saa nane mchana, na watu walikuwa wameshaanza kupiga, wakimsomea ile sentensi ya saa kumi kutoka kwenye simu zao, neno kwa neno. Mzee alinipigia akiwa amekasirika: kwa nini niliiandika? Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyeisema na mimi niliandika tu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lilipita.